Ukumbi Wetu Sijaupata: Maneno ya Chini ya Picha ya Siku ya Kwanza Chuoni

Mpwa wangu alinipigia saa kumi na moja jioni. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameripoti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanza mwaka wa kwanza wa shahada ya takwimu. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja kwenye lililompeleka: "Mjomba, picha ninayo, nzuri kabisa. Maneno ndiyo sina."

Picha yenyewe nilikuwa nimeshatumiwa. Amesimama mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, kama wanavyosimama karibu wote siku ya kwanza. Hata asiyewahi kukanyaga Mlimani ameliona jengo hilo, maana liko mgongoni mwa noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ile yenye Karume kwa mbele. Miguuni pake kuna begi la shangazi kaja limevimba upande mmoja. Mkono wa kulia ameshika bahasha ya kaki. Anacheka, lakini macho yanatazama pembeni ya kamera, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Alitaka maneno ya kuweka chini ya picha hiyo: kapsheni, kama wenyewe wanavyosema. Mimi kazi yangu ni kuandika, na vichwa vya habari na maelezo ya picha ndiyo ugali wangu, hivyo hakukosea namba. Nilimwambia anitumie kwanza alichoandika yeye. Akaniletea hiki:

"Ukurasa mpya wa maisha. Asante Mungu kwa hatua hii. Safari ndiyo kwanza imeanza."

Hakuna kosa hapo. Sarufi iko sawa, Mungu kashukuriwa. Lakini jaribu kuyang'oa maneno hayo chini ya picha ya Nkrumah uyabandike chini ya picha ya harusi. Yanakaa. Yabandike kwa aliyefungua saluni, kwa aliyejifungua mtoto wa kwanza, kwa aliyehamishiwa kituo kipya cha kazi. Yanakaa kote. Maneno yanayokaa kila mahali ni kama kiti cha kukodi kwenye shughuli: leo kiko kwenye msiba, kesho kwenye kipaimara, na hakuna anayekumbuka alikikalia lini.

Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akatuma la pili: "Nina furaha sana lakini pia nina hofu. Sijui kama nitaweza."

La pili lilikuwa la kweli kuliko la kwanza, na ndiyo maana lilinitia wasiwasi zaidi. Mpwa wangu si mtu wa kuandikia dunia nzima. Maneno yake yangekwenda kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako wanaomsoma ni wale wenye namba yake na yeye ana zao. Nilimwomba anitajie watu kumi wa kwanza watakaoiona. Alianza na mama yake, Njombe. Kisha kiongozi wa kwaya. Baba mdogo aliyechangia nusu ya nauli na godoro. Mwalimu wake wa hesabu wa kidato cha sita. Halafu akamtaja rafiki yake waliyesoma naye dawati moja, ambaye mwaka huu hakupata chuo.

Sasa soma tena "sijui kama nitaweza" kwa macho ya mama aliye Njombe saa mbili usiku. Simu italia kabla hajamaliza kula. Na baba mdogo atajiuliza kama godoro lake limekwenda kwa mtu anayetaka kurudi nyumbani. Hofu ya siku ya kwanza ni ya kawaida, kila aliyepita pale anaijua, lakini ukiitaja kwa jina lake tupu, bila kuifunga kwenye kitu, msomaji hana pa kuipimia. Anaipima kwa hofu zake mwenyewe.

La tatu akaliandika kwa hasira kidogo, nadhani hasira zilikuwa zangu mimi: "Walisema hatutafika. Haya, tumefika."

Hicho ni kijembe, na Waswahili tunakipenda kijembe. Kipo kwenye mipasho, kipo nyuma ya daladala, kipo kwenye kanga. Lakini nilimuuliza ni nani hao waliosema hatafika. Hakuwa na jibu. Hakuna aliyesema. Na yule rafiki wa dawati moja, ambaye hajafika, angelisoma vipi hilo "haya"?

Hapo nikaona niache kumkosoa nianze kumuuliza. Sikumuuliza anajisikiaje, swali hilo ndilo linalozaa "furaha na hofu". Nilimuuliza amefanya nini tangu asubuhi, kitu baada ya kitu.

Alishuka kwenye daladala chuoni akitokea Kimara, kwa dada mmoja wa kwao alikolala. Akapanda na begi lake. Alidhani Mlimani ni jina tu, kama Magomeni au Sinza. Kumbe chuo kimekaa juu ya kilima hasa, na mtu mwenye shangazi kaja la kilo ishirini hukijua kilima hicho kwa miguu. (Chuo hakikuanzia huko. Wanafunzi 14 wa kwanza, wote wa sheria, walianza mwezi Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mjini kabisa. Mlimani walihamia mwaka 1964. Wale 14 hawakupanda chochote zaidi ya ngazi.) Akapata chumba, akapewa ufunguo. Akaenda kwenye maelekezo ya wanafunzi wapya, akaingia ukumbini, akakaa mbele, akatoa daftari, akaandika kurasa mbili. Baada ya dakika 20 ndipo mzungumzaji alipotaja somo la sosholojia kwa mara ya tatu, na mpwa wangu akagundua kwamba amekaa na watu wasio wake. Aliinuka akatoka kwa kunyata. Ukumbi wa kwao hakuupata hadi muda ukaisha.

Alinisimulia hili akicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia: hiyo ndiyo kapsheni yako.

Akashtuka. Yaani aandike kwamba amepotea? Ndiyo. Kwa sababu kwenye kisa hicho furaha na wasiwasi vimeshachanganyika vyenyewe, bila wewe kuvikoroga. Mtu aliyekaa mbele na kutoa daftari ni mtu mwenye shauku. Mtu aliyekaa kwenye ukumbi usio wake ni mgeni. Na ni mtu mmoja, kwenye kiti kimoja. Msomaji akisikia hivyo hahitaji kuambiwa "nina furaha lakini pia nina hofu". Anaviona vyote viwili na anatabasamu. Mama naye hawezi kupiga simu ya kulia kwa sababu mwanawe kakosea mlango.

Kuna jambo jingine nilimwambia, nalo ni la kazi yangu kabisa. Maneno ya chini ya picha hayatakiwi kurudia kinachoonekana. Nkrumah inaonekana. Begi linaonekana. Tabasamu linaonekana. Ukiandika "Nikiwa mbele ya Nkrumah nikitabasamu" umemwambia msomaji kwamba ana macho. Picha haiwezi kusema muda, haiwezi kusema kilichotangulia wala kisichokuwepo, na huko ndiko maneno yanakopata kazi. Ukumbi asioupata hauwezi kupigwa picha.

Akaenda, akarudi baada ya nusu saa na hiki:

"Kumbe Mlimani ni mlima kweli. Nimekaa dakika 20 kwenye ukumbi wa watu wengine; wa kwetu nimeukosa. Ufunguo wa chumba ninao."

Nilisimama kwenye kiti. Binti anajua kuandika kuliko anavyojua mwenyewe. Tazama lile "kumbe" la mwanzo. Neno moja, nalo linabeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba sasa najua, na kwamba muda mfupi uliopita sikujua. Mtu aliyekwisha kuzoea hasemi kumbe. Na ufunguo wa mwisho umekuja kama mtu anayejipapasa mfukoni na kukuta kitu: mengine yote yamenichanganya, lakini pa kulala pako. Hakuna neno "furaha" popote, na furaha imejaa.

Nilimrudishia neno moja tu alibadilishe. "Nimeukosa."

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye utamu. Kiswahili kina namna kadhaa za kusema jambo halijawa, na hazifanani. Angeweza kuandika "sikuupata". Hilo limefungwa, lilikuwa jana, limekwisha, tunasimulia. Angeweza kuandika "nimeukosa", kama alivyofanya. Hilo nalo limefungwa, na tena limeacha jeraha wazi: aliyekosa chuo amekosa, aliyekosa basi amekosa, linabaki kwake. Lakini ipo ile "-ja-" ya kukanusha. "Sijaupata." Kwa kuitamka tu umesema mambo matatu: mpaka sasa sina, nautafuta, na natarajia kuupata. Ndiyo sababu mwenye mgeni husema "hajafika" akiwa ameshaweka maji jikoni, na ndiyo sababu ukisema "hakufika" watu huanza kuondoa sahani.

Vivyo hivyo kwa "sijui" na "sijajua". Mwanafunzi wa siku ya kwanza akiandika "sijui njia", ametueleza alivyo. Akiandika "sijajua njia", ametueleza alipofika. Wasiwasi ni uleule, ila huu wa pili una mlango.

Upande wa furaha pia una silabi yake, nayo ni "-me-". "Nilifika Mlimani" anaweza kusema babu aliyepita pale miaka arobaini iliyopita. "Nimefika" husema mtu ambaye jasho halijamkauka, na bado yupo palepale. Kwa hiyo mtu anayetaka kuandika siku ya kwanza, siku ambayo kitu kimetokea na kingine hakijatokea, lugha imeshamtengenezea jozi: "nime-" kwa kilichopatikana, "sija-" kwa kinachosubiriwa. Kila ninapoona kijana kaiga msemo wa kigeni kueleza hali hiyo, huwa naona kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani ilhali mtungi wake umejaa.

Akabadilisha. Ikawa:

"Kumbe Mlimani ni mlima kweli. Nimekaa dakika 20 kwenye ukumbi wa watu wengine. Wa kwetu sijaupata. Ufunguo wa chumba ninao."

Hesabu herufi na nafasi zake: ni 123. Urefu huo si wa bahati mbaya. Instagram inakuruhusu kuandika hadi herufi 2,200, lakini msomaji anayepita haoni zote. Anaonyeshwa mwanzo tu, mengine yamekunjwa mpaka abonyeze. Na wengi hawabonyezi. Kwa hiyo anayeanza kwa kumshukuru Mungu, wazazi, walimu, ndugu na marafiki, kisha akaweka kisa chake mwishoni, amekizika. Shukrani ni wajibu, sibishani, ila kwa maoni yangu shukrani ya kweli ni ya kupiga simu. Baba mdogo wa godoro anastahili kusikia sauti.

Lugha yetu nayo inasaidia kubana. "Sijaupata" ni neno moja: ndani yake yumo anayesema, umo ukanushi, umo muda, umo ukumbi wenyewe kupitia hiyo "u", na kimo kitendo. Wengine hulazimika kupanga maneno matano ili waseme hivyo.

Na ufupi huu hatukuanza nao kwenye simu. Bibi zetu walikuwa na kapsheni kabla ya kamera kuwafikia: jina la kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji kuna ule mstari mmoja wa herufi kubwa. Zamani maneno hayo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kilatini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, anatajwa sana katika historia ya maneno hayo ya kanga, na alama yake ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" ingali inatafutwa na wapenda kanga. Jina la kanga halielezi ua lililochorwa juu yake. Huwezi kukuta kanga ya mabibo iliyoandikwa "Haya ni mabibo." Mchoro unasema lake, maneno yanasema lake, na mvaaji anajua amemlenga nani, huku wengine wakiona nguo tu. Stetasi nzuri hufanya kazi hiyohiyo. Mama atasoma "ufunguo wa chumba ninao" na kupumua. Mwalimu wa hesabu atacheka dakika 20. Yule rafiki wa dawati moja hatakuta kitu cha kumchoma.

Halafu kulikuwa na picha za studio. Mimi nilipoingia chuo, hakukuwa na stetasi. Mpigapicha alikuja kwenye nyasi, ukalipa, siku ya tatu akakuletea picha, nawe ukaigeuza na kuandika nyuma kwa bik: "Ukumbusho", jina la mahali, tarehe, kisha sentensi moja. Ikatiwa bahasha ikaenda nyumbani. Ninayo moja niliyompelekea mama yangu. Nyuma yake nimeandika kwamba chakula ni kizuri. Hakikuwa kizuri, na mama alijua, kwa sababu kwenye picha mkanda wa suruali umeingia tundu la mwisho. Nilijaribu kuficha kwa maneno kitu ambacho picha ilikuwa inakipigia kelele. Hilo ni kosa ambalo hadi leo naliona kila msimu wa kufungua vyuo, Oktoba na Novemba: sura imechoka, macho yamevimba kwa safari, maneno chini yanasema "hakuna kulala, ni ushindi tu".

Kabla hajaiweka nikamwambia akuze picha aitazame ile bahasha ya kaki. Akaikuza. Juu ya bahasha kulikuwa na fomu imechomoza, na kwenye fomu namba yake ya mtihani wa kidato cha nne inasomeka vizuri kabisa: herufi S, namba ya shule, mkwaju, namba yake, mkwaju, mwaka. Wengi huiona kama namba tu. Lakini aliyenayo anaweza kwenda kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, akafungua mwaka na shule, akaona ulipata nini kwenye kila somo. Tena ndiyo namba inayokufuata kwenye maombi ya chuo na ya mkopo. Mtu akikupigia akajifanya anatoka ofisi ya mikopo, akakutajia jina lako, kozi yako na namba hiyo, utamwamini, hasa wiki ambayo kila mwanafunzi mpya anasubiri bumu liingie na mfukoni pamebaki nauli. Utatuma hiyo "ada ndogo ya kufungua akaunti" kabla hujafikiri. Na kozi yako alijuaje? Uliiandika mwenyewe chini ya picha.

Alikata ukingo wa picha, bahasha ikabaki nusu. Namba ya chumba hakuwa ameitaja, na jina la bweni pia hakulitaja. "Ufunguo wa chumba ninao" inatosha. Anayehitaji kujua ni ufunguo wa mlango upi atauliza, na ataulizwa yeye ni nani.

Aliniuliza swali moja la mwisho: aweke alama za moto na kofia za mahafali? Nilimwambia kofia asubiri miaka mitatu. Ya moto ni juu yake. Aliweka ya mlima, mmoja, baada ya neno "kweli". Sikuwa na neno.

Aliiweka saa mbili kasoro usiku. Stetasi ya WhatsApp huishi saa 24 kisha inapotea, kwa hiyo mimi niliwahi kuipiga picha ya skrini nikaihifadhi, kwa desturi ya watu wa gazeti ya kutoamini kitu kinachofutika. Kiongozi wa kwaya aliweka mikono miwili ya kuomba. Mwalimu wa hesabu aliandika kwamba mwanafunzi wa takwimu angepaswa kukadiria vizuri zaidi uwezekano wa ukumbi kuwa wake. Rafiki wa dawati moja alituma sauti ya sekunde tisa, yote ni kicheko, na mwishoni: "Wewe hubadiliki, hata bwenini tulipofika ulilala kitanda cha watu."

Mama yake hakupiga simu usiku ule. Asubuhi, kabla saa 24 hazijaisha, alijibu chini ya stetasi kwa maneno mawili na alama ya kuuliza:

"Ukumbi umeshaupata?"

Binti alikuwa amekaa, safari hii kiti cha nyuma, karibu na mlango. Akaandika kwa kidole gumba huku mkono mwingine umeshika kalamu: "Nimeshaupata, mama. Uko nyuma ya ule wa jana."